Jinsi ya kuandika komunike ya kupandisha malipo ya masomo: kwa wakuu wa shule za binafsi Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa shule za binafsi. Kama unaongoza shule ya msingi ya serikali, ufunge tu: tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na komunike ya aina hii itakupeleka kwenye ofisi ambayo hukupanga kuitembelea.

Karatasi yenyewe inaandikwa kwa saa moja. Kinachokula muda ni utaratibu wa kabla yake. Soma kwanza arete ya gavana kuhusu malipo ya masomo ya mwaka huo, kisha uite komite ya wazazi, mkubaliane kiasi, na PV itiwe saini siku ileile, watu wakiwa bado wamekaa. Ukisema "tutasaini kesho", rais wa komite atakuwa Kolwezi. Peleka PV sudivizio ikiwa na nakala mbili, na usitoke bila nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa. Mwenye muhuri ni mmoja, na kila siku ya mazishi muhuri nao huwa umefiwa. Subiri. Komunike ikitangulia PV, mzazi wa kwanza aliyekasirika ataibeba hadi sudivizio, nawe utaambiwa urudi kwenye bei ya zamani wakati walimu wameshaahidiwa nyongeza.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo komunike nyingi huanguka. Tuseme shule ina wanafunzi 200 na walimu 15, na kila mwalimu anaongezwa dola 40 kwa mwezi, kwa miezi 10. Hiyo ni dola 6.000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa 200 na kwa mihula mitatu, unapata dola 10. Lakini watoto wa walimu na wale waliosamehewa, tuseme 20, hawaongezewi. Wanaobaki ni 180, na nyongeza inakuwa dola 11 na senti kadhaa. Ukiandika 12, zitaingia dola 6.480. Taja kazi ya zile 480 zinazobaki, na taja hao 20 pia. Usipowataja, mama mmoja wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, mwenye kalkuleta atazidisha 12 kwa 200 mara tatu, apate 7.200, na jioni mtaa wote utajua kwamba direkita anakula dola 720.

Komunike yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Mfano:

"Wazazi wetu wapendwa, tunawasalimu kwa heshima. Baada ya mkutano na komite ya wazazi, ambao PV yake iko sekretariati na kila mzazi anaweza kuisoma, malipo ya masomo yatapanda kutoka dola 100 hadi dola 112 kwa muhula, kuanzia Septemba. Nyongeza ya dola 12 italipwa na wanafunzi 180. Kwa mwaka ni dola 6.480: dola 6.000 ni za mishahara ya walimu, 480 ni za mafuta ya jenereta. Tunajua mzigo huu ni mzito. Mzazi anaweza kulipa kwa transhi tatu: 40, 40 na 32. Mwenye watoto watatu au zaidi, au aliyepoteza kazi, aje kuonana na direkita kabla ya tarehe 20 Agosti. Mazungumzo yatabaki ofisini."

Tarehe hiyo usiiache. Bila tarehe, wote watakuja asubuhi ya kufungua shule, mlangoni, watoto wakisikiliza.

Ongeza mistari miwili kuhusu pesa. Wa kwanza ni wa kiwango cha kubadilisha. Ukiandika "kwa kiwango cha siku" umeanzisha vita, kwa sababu benki ina chake na kambista wa barabarani ana chake. Andika kwamba anayelipa kwa faranga atafuata kiwango kinachobandikwa kila Jumatatu kwenye mlango wa kesi, pale pa kulipia, na kwamba hakibadiliki hadi Jumatatu inayofuata. Wa pili: noti ya dola iliyochanika, hata kidogo pembeni, haipokelewi. Benki itamkatalia kontabule, na kontabule hatakubali kuilipa mfukoni mwake. Mzazi akijua mapema ataibadilisha nyumbani; akiambiwa dirishani, ataona anadharauliwa.

Chini ya ukurasa weka kipande cha kukata: jina la mtoto, darasa, saini ya mzazi. Kiandikwe "Nimepokea komunike", kisiandikwe "Nimekubali". Anayetakiwa kukubali bei hatasaini, na kipande kitakaa ndani ya mfuko wa mtoto hadi Krismasi. Anayetakiwa kukiri kupokea tu atasaini huku akinung'unika, na hicho ndicho sekretari anachohitaji kwenye faili siku mtu atakapoapa kwamba hakuambiwa.