Kabla hujawasha hotspoti ya simu, panga kwanza jina, pasiwedi na usalama

Wengi wakitaka kuipa laptopu neti wanagusa tu kile kitufe cha hotspoti wakishavuta skrini chini, basi. Kabla hujagusa ingia kwanza Settings, kwenye Android nyingi utapita Network & internet halafu Hotspot & tethering, Samsung ni Connections.

Jina ndo linaloonekana na kila aliye karibu, kwa hiyo usiweke jina lako wala namba yako. Aifoni inachukua jina la simu yenyewe, ukitaka kulibadili nenda General, About, halafu Name. Na usiliache la kiwandani kama AndroidAP, sababu kwenye WPA2, ule mfumo wa kulinda Wi-Fi uliozoeleka, simu inachanganya jina na pasiwedi kutengeneza ufunguo, sasa jina likiwa la watu wengi mtu anaweza akawa na majedwali ya funguo aliyoyaandaa kabla hata hajakufikia.

Pasiwedi ndo penye kazi. Simu inataka herufi kuanzia 8, na watu wengi wanaweka namba ya simu wakiona tarakimu 10 zinatosha. Hazitoshi kabisa! Nne za mwanzo, tuseme 0754 au 0713, zinajulikana na kila mtu, zinabaki sita, yaani namba milioni moja tu za kujaribu. Mwizi anakaa karibu, ananasa zile sekunde laptopu yako inapojiunga, anaondoka nazo, kisha kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inamaliza hiyo milioni kwa sekunde chache na simu yako haikuonyeshi chochote. Bora uunge maneno manne yasiyohusiana, mfano kinu-tairi-posta-embe (chagua ya kwako lakini, hii imeshasomwa), ni rahisi kumtajia mwenzio na kuibahatisha ni shughuli.

Kwenye Security hapo, None usiiguse. WPA3, ambayo ni toleo jipya baada ya WPA2, inaziba huo mchezo wa kunasa na kwenda kubahatishia nyumbani, kila jaribio lazima lifanyike kwenye simu yako yenyewe. Shida ni laptopu za zamani, jina la hotspoti linaonekana au halionekani, pasiwedi ni sahihi na bado inagoma, ukiona hivyo rudi uchague WPA2/WPA3-Personal, au WPA2-Personal kama hiyo haipo. Ila kifaa kilichoingia kwa WPA2 bado kinaweza kunaswa vilevile, so pasiwedi ngumu inabaki palepale.

Kama laptopu ni ya Windows, ikishaunga tu iwekee Metered connection kwenye mtandao huo, vinginevyo masasisho yatakumalizia bando kimyakimya. Na kwenye ukurasa wa hotspoti simu nyingi zinaonyesha vifaa vilivyounganishwa, ukikuta usichokijua badilisha pasiwedi muda huohuo, vyote vitatoka na utawapa upya unaowataka.