Kabla ya kukamua ndimu: shombo la samaki linasema nini

Jumamosi moja nilitoka soko la samaki la Feri, Dar, na changu wawili ndani ya ndoo yenye mfuniko. Foleni ilinishika, kufika Mbagala yakawa yamepita masaa mawili na ushei, na barafu niliyopewa ilikuwa imebaki maji. Nilipofungua mfuniko jikoni, shombo lilipanda mpaka wifi yangu akarudi nyuma. "Wifi, hawa si wameshaoza?" Mama mkwe akasema la, samaki kunuka ni kawaida yake, lete ndimu. Nikawaomba wote wawili wangoje kidogo. Wa kwanza alitaka kumwaga kitu ambacho hatujakipima, na wa pili alitaka kufuta ushahidi.

Nimefanya kazi miaka kadhaa mapokezi ya kiwanda cha minofu kule Mwanza, na swali hili ndilo lilikuwa mkate wangu. Jibu fupi ni kwamba samaki anayenuka sana si lazima awe ameharibika, na asiyenuka si lazima awe salama. Lakini harufu ina habari, na habari hiyo inasomeka ukijua imetoka wapi.

Samaki wa baharini anaishi kwenye maji yenye chumvi kali kuliko mwili wake, na chumvi hiyo ingemvuta maji yote akakauka angali anaogelea. Ili kujikinga, hujaza nyama yake vitu vidogo vidogo vya kusawazisha. Kimojawapo ni trimethilamini oksidi, ambayo haina harufu yoyote. Ndiyo maana samaki aliyetolewa majini sasa hivi hunukia bahari tu, kama mwani. Akishakufa, bakteria wa kwenye utelezi, mashavuni na tumboni wanaingia kazini. Baadhi yao, hewa inapokuwa haba, hunyofoa oksijeni kutoka kwenye ile oksidi ili waishi, na kinachobaki ni trimethilamini, kwa kifupi TMA. Hiyo huruka hewani upesi na pua huidaka hata ikiwa kidogo mno. Shombo unalolijua, kwa sehemu kubwa, ni hiyo.

Kwa hiyo TMA haikwambii samaki alivuliwa lini. Inakwambia bakteria wamefanya kazi kiasi gani. Samaki aliyewekwa kwenye barafu mara tu alipotoka majini anaweza kukaa siku kadhaa TMA ikiwa haijapanda kwa maana yoyote, ingawa ule utamu wa siku ya kwanza umeshapungua kwa kazi ya vimeng'enya vya nyama yake mwenyewe. Muuzaji akikwambia "nusa, hana harufu, wa leo huyu," anaweza kuwa mkweli kuhusu harufu na muongo kuhusu leo. Maabara wakipima, samaki mbichi kabisa huwa karibu na sifuri, na kwa samaki wengi wa baharini kiwango cha kuanza kumkataa hutajwa kuwa kati ya miligramu 10 na 15 za nitrojeni ya TMA kwa kila gramu 100 za nyama. Wewe huna maabara, una pua, na pua ina kanuni zake.

Kabla hujatoka nyumbani, fikiria barafu kwanza, samaki baadaye. Bakteria hawa huenda na joto: samaki aliyekaa nyuzi 10 huharibika kama mara nne ya kasi ya yule aliye kwenye barafu inayoyeyuka, na joto la Dar mchana halihitaji hesabu. Kwa hali yetu ya hewa kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu. Barafu iwe imepondwa, iwe chini na juu ya samaki, na maji yake yapate pa kutokea. Mimi siku ile nilikuwa na vipande viwili vya kuombaomba, na masaa yale mawili ndiyo yaliyonipa mtihani niliokuwa nao jikoni.

Kabla hujanusa, jua unanusa samaki gani. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Papa na taa wamejaa trimethilamini oksidi kuliko samaki wengine, na juu yake wana urea, ambayo bakteria huigeuza amonia. Papa anaweza kunuka mkojo mapema kabisa, hasa kama hakutolewa damu chomboni, wakati changu wa siku hiyohiyo bado ananukia vizuri. Ng'onda naye hunuka kwa sababu ndivyo alivyotengenezwa: chumvi na ukavu ndivyo vinavyomlinda, si ukosefu wa harufu. Ng'onda muogope akiwa na unyevunyevu, ukungu au funza. Dagaa wakavu wakinuka mafuta yaliyokaa sana, hayo ni mafuta yao yaliyochacha kwa hewa na jua, na TMA haihusiki.

Kambale na samaki wa bwawani huweza kunuka tope wakiwa bado wanapumua. Hiyo ni jeosmini, inayotengenezwa na vijidudu vya majini na kunaswa na mafuta ya samaki. Haimaanishi kuoza hata kidogo. Utasikia pia kwamba samaki wa maji baridi hawana ile oksidi kabisa, kwa hiyo shombo ni la bahari peke yake. Kwa wengi ni kweli kiasi, lakini sangara na sato wa Ziwa Victoria walipopimwa walikutwa nayo, na kwa kiasi cha kutosha. Nasi mapokezi tulilikuta shombo la kawaida kwa sangara aliyecheleweshwa, sawa na samaki yeyote wa chumvi.

Kabla hujamlipa muuzaji, nusa mashavu. Usinuse meza, wala ndoo, wala mikono yake, maana sokoni kila kitu kinanuka na TMA iliyoganda mbaoni si ya samaki wako. Fungua kifuniko cha shavu. Matamvua yakiwa mekundu na yanateleza kwa ute mwepesi, pua yako itapata bahari. Yakiwa ya kahawia na ute umekuwa mzito kama uji, pua itapata shombo. Uvundo wa yai viza au wa choo ni hatua nyingine kabisa: hapo salfa na amonia zimeshaingia, bakteria wamehamia kwenye protini, na hakuna mjadala tena.

Turudi jikoni, kwa sababu hapa ndipo ndimu inapoharibu hesabu. TMA ni ya upande wa besi, kinyume cha asidi, kama amonia. Ikikutana na asidi ya ndimu, siki au ukwaju, hugeuka chumvi isiyoruka hewani, na isiporuka pua haiioni. Ndiyo sababu unasugua ndimu mikononi baada ya kupara samaki na shombo linakatika, wakati sabuni ya mche, ambayo nayo ni ya besi, mara nyingi huiacha palepale. Lakini bakteria waliokwisha kula hawatapiki walichokula. Ndimu imeziba mdomo wa shahidi, kosa liko palepale. Basi ndimu ije baada ya uamuzi, kama kiungo.

Nilichofanya ni hiki. Niliwatoa changu wote wawili, nikawaosha kwa maji ya baridi matupu nje na mashavuni, nikawapangusa na kitambaa safi, nikawaweka kwenye sinia dirishani kama dakika tano. Samaki aliyefungiwa kwenye chombo hukusanya harufu ya utelezi wake, na mtu anayefungua mfuniko hunusa hewa ya masaa mawili kwa pumzi moja. Changu wa kwanza, baada ya dakika hizo, shombo lilikuwa limekwisha kabisa mgongoni na limebaki kidogo tu mashavuni. Nilimbonyeza kwa kidole, nyama ikarudi. Nikampasua mpaka uti wa mgongo: damu ya kando ya mfupa bado nyekundu, nyama imeshikana na mfupa, harufu hakuna. Shombo lake lilikuwa la ngozi.

Wa pili alikuwa na sura ileile. Mashavu yake yalikuwa yameanza ukahawia, nami sokoni nilimfungua mmoja tu nikaamini mwenzake. Tumbo lilibonyea na halikurudi. Nilipompasua, shombo lilitoka upya kutoka ndani, kandokando ya uti, mahali ambapo maji yangu hayakufika. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta: harufu ya juu huondoka kwa maji matupu, harufu ya nyama hurudi kila ukikata.

Mama mkwe hakuridhika, changu kilo nzima si kitu cha kutupa. Tukampa nafasi ya mwisho. Nilikata kipande cha vidole viwili karibu na tumbo, nikakitia kwenye sufuria ndogo na maji nusu kikombe, bila chumvi wala kitunguu, nikafunika mpaka yakachemka, kisha nikamwita anuse mvuke wa kwanza mfuniko unapofunguliwa. Moto huifukuza TMA hewani kwa mara moja, na mvuke hauna adabu. Alivuta pumzi moja tu, akageuza uso. Huyo akaenda shimoni, mwenzake akaenda kwenye nazi. Kupika hakumsafishi samaki wa namna ile. TMA yenyewe kwa kiasi hicho si sumu ya kukuangusha, ila ni dalili kwamba bakteria wengine wameshapita.

Limebaki jambo ambalo pua haiwezi kulifanya kabisa. Jodari, vibua na jamaa zao wana histidini nyingi katika nyama yao, na bakteria wengine, kwenye joto, huigeuza histamini. Histamini haina harufu. Samaki anaweza kuonekana sawa, kunukia sawa, na ndani ya dakika chache hadi saa chache baada ya kula uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Kuchemsha, kukaanga na kugandisha havimuondolei. Kanuni za kimataifa za chakula zimeweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo, na hakuna mtu anayekiona kikomo hicho kwa macho. Kinachokulinda ni baridi tu, tangu chomboni. Kwa samaki hawa siulizi harufu. Naweka kiganja nyuma ya kichwa, kwenye nyama nene, nasikiliza joto lake.

Jumamosi ile ile, kabla ya changu, nilisimama kwenye meza ya jodari. Mzuri, jicho linang'aa, hana shombo hata ukimgusisha pua. Nikamwekea kiganja: alikuwa na joto sawa na mkono wangu. Nikasogea meza ya changu.