Kujaribu gari lililotumika barabarani: mvuto, breki na sauti

Mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha upime upepo wa matairi ya mbele kwa geji, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu huvuta gari upande wake na kukufanya ushuku kifaa kisicho na kosa.

Hatua ya kwanza ni mvuto. Katika barabara iliyonyooka isiyo na magari mengi, endesha kwa kilomita 60 kwa saa na ulegeze mikono bila kuuachia usukani. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yateremke pembeni, na kwa kuwa Tanzania na Kenya tunaendesha kushoto, hata gari zima husogea kushoto polepole. Kwa hiyo rudia kwenye uwanja tambarare kabla ya kuamua.

Toyota IST niliyomkagulia mteja iliendelea kuvuta kushoto hata uwanjani, na muuzaji akasisitiza kwamba inahitaji alaimenti tu. Baada ya dakika 15 za kuendesha nilishuka, nikasogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kuzigusa. Ya kulia ilikuwa vuguvugu. Ya kushoto ilitoa joto kama la jiko, pamoja na harufu ya pedi zilizoungua. Tulipoliinua gurudumu hilo kwa jeki, gia ikiwa huru, halikuzungushika kwa mkono. Pistoni ya kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu, ilikuwa imeganda kwa kutu, hivyo pedi zilibaki zimebana diski hata mguu ulipotoka kwenye breki. Alaimenti mbaya haipashi rimu moto namna hiyo.

Hatua ya pili ni breki. Ukiwa kilomita 40 kwa saa, hakikisha nyuma hakuna gari, kisha kanyaga taratibu lakini kwa uthabiti. Pedali ikipigapiga chini ya mguu, kwa kawaida diski hazina tena unene ulio sawa. Gari likivuta wakati wa kukanyaga tu, kagua kwanza gurudumu la upande wa pili, kwani mara nyingi ndilo lisiloshika. Mwisho simama, injini ikiunguruma, ukandamize pedali kwa nusu dakika: ikizama polepole, mafuta ya breki yanavuja nje au ndani ya masta silinda, pampu inayosukuma mafuta hayo, na jaribio liishie hapo.

Hatua ya tatu ni sauti, redio na feni zikiwa zimezimwa. Mvumo unaoongezeka kadiri ya mwendo unaweza kuwa wa matairi au wa beringi. Ukizidi unapopinda kulia, shuku beringi la kushoto, kwa kuwa uzito huhamia upande huo. Kisha kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole karibu na ukuta, dirisha likiwa wazi. Ukisikia mlio wa ka-ka-ka ukirudi kutoka ukutani, jointi ya ekseli imelika. Rudia upande wa pili.