Windows imekwama kwenye "Working on updates": usubiri hadi lini kabla ya kuizima kwa nguvu

Masasisho ya kila mwezi ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa saa zetu hapa Mombasa huwa ni saa mbili au saa tatu usiku, ikitegemea majira ya Marekani. Ndiyo maana Jumatano asubuhi saiba nyingi hufunguliwa na kukuta skrini moja imeandika "Working on updates 30% complete. Don't turn off your computer", na mteja tayari yuko mlangoni anataka kuchapisha fomu.

Asilimia hiyo haipimi muda. Inaonyesha kazi imefika hatua gani, na hatua moja inaweza kula dakika mbili na inayofuata ikala saa nzima. Mtandao nao hauhusiki tena: skrini hii ikitokea, mafaili yameshapakuliwa, kwa hiyo kuongeza bando au kuzima na kuwasha ruta hakutaharakisha chochote. Kinachofanya kazi sasa ni diski, na diski ndiyo ya kuangaliwa.

Hatua ya 1: Andika saa, kisha tazama taa

Andika kwenye karatasi asilimia unayoiona na saa uliyoiona. Muda wa kusubiri huhesabiwa kuanzia mara ya mwisho asilimia ilipobadilika. Ukihesabu tangu ulipofungua duka, utaizima mashine iliyokuwa ikisonga polepole tu.

Halafu tafuta taa ndogo ya diski mbele ya kompyuta. Ikipepesa bila mpangilio, mafaili yanaandikwa, iache. Ikiwa imezimika kabisa kwa dakika nyingi, hakuna kinachoandikwa. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa kwa saa nzima, na diski inatoa mlio wa tik, tik, tik unaojirudia, shuku diski yenyewe: huenda inahangaika kusoma sehemu iliyoharibika. Laptopu nyingi za siku hizi hazina taa hiyo, basi sikiliza feni na uguse upande wa chini kuona kama bado kuna moto. Kwa joto letu la Februari, kipimo hicho cha mkono usikiamini peke yake.

Hatua ya 2: Bonyeza Caps Lock

Taa ya Caps Lock kwenye kibodi ikiwaka na kuzimika unapobonyeza, Windows bado iko hai ndani, ingawa hilo halithibitishi kwamba kazi inasonga. Taa isipoitikia, na vidoti vinavyozunguka navyo vimeganda, mfumo umekufa. Hapo hata ungesubiri hadi kesho, hakuna kitakachobadilika.

Kabla ya kukata shauri, chomoa printa, flashi, modemu na diski za nje, ubakishe kibodi na kipanya tu. Draiva ya kifaa cha USB inaweza kuzuia mashine kuendelea. Bonyeza pia Ctrl+Alt+Del mara moja. Pengine itakuletea skrini ya kuingilia.

Hatua ya 3: Amua muda

Hivi ni viwango vya kazi, si sheria ya Microsoft. Kwa sasisho la kawaida la mwezi kwenye SSD, ipe saa 2 bila mabadiliko ya asilimia. Kwenye diski ya kuzunguka, ipe saa 4. Likiwa ni toleo jipya la Windows, zidisha mara mbili, au iache usiku kucha ikiwa stima ni ya kuaminika. Taa ikiendelea kupepesa, ongeza muda hata kama umevuka kiwango. Mfumo ukiwa umeganda kwa kipimo cha hatua ya 2, nusu saa inatosha.

Kuna hali moja ambayo viwango hivi havitumiki. Skrini ikiwa na nembo ya HP, Dell au Lenovo pamoja na mstari unaojaa na maneno kuhusu BIOS au "firmware", usiguse kitufe. Windows iliyokatizwa hurekebishika, lakini BIOS iliyokatizwa katikati inaweza kuifanya bodi isiwake tena. Laptopu iwe kwenye chaja, na kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS.

Chukua mfano wa kompyuta ya mezani ya saiba huko Mwembe Tayari, yenye diski ya kuzunguka ya GB 500 na RAM ya GB 4. Saa moja na nusu asubuhi iko 30%. Saa tatu bado ni 30%, ila taa inapepesa: inaachwa. Saa nne inasoma 34%, kwa hiyo hesabu inaanza upya hapo, na mapema kabisa ya kuizima, ikiwa hai, ni saa nane mchana. Lakini saa sita taa inazimika na Caps Lock haiitikii. Printa na flashi zinachomolewa, nusu saa inapita, kimya. Saa sita na nusu inazimwa, bila haja ya kungoja saa nane.

Hatua ya 4: Zima, na usikatize kinachofuata

Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi hadi mashine izime, ngoja nusu dakika, kisha iwashe. Usichomoe waya ukutani ikiwa kitufe kinafanya kazi. Windows huweka kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika, na ikiwaka huyamalizia au huyarudisha nyuma. Ukiona "Undoing changes made to your computer", hayo ndiyo marejesho, na kwenye diski ya kuzunguka yanaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Wengi huharibu mashine hapa kwa kuizima mara ya pili kwa hasira. Anza kuhesabu upya kwa viwango vilevile.

Mashine isipofika kwenye skrini ya kuingilia, iache iwake. Baada ya majaribio mawili au matatu yaliyoshindikana, Windows hufungua yenyewe skrini ya ukarabati. Nenda Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, kisha "Uninstall latest quality update". Ikikataa, fungua Command Prompt hapo hapo. Andika `dir C:\` uhakikishe kuna folda ya Windows, kwa sababu herufi ya diski hubadilika huku. Isipokuwepo, jaribu D:\ na nyinginezo, na herufi yenye folda hiyo ndiyo uiweke mahali pa C kwenye amri hii:

```
dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions
```

Ukiombwa ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, aka.ms/myrecoverykey. Bila ufunguo huo hutaingia kwenye mafaili, basi mpigie mwenyewe kabla ya kuhangaika.

Hatua ya 5: Kabla ya kujaribu tena

Diski ikiwa ilitoa ule mlio, nakili mafaili ya mteja kwanza, sasisho lingoje. Diski ikiwa nzima, hakikisha C: ina nafasi ya GB 20, kisha fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi:

```
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow
```

Amri ya kwanza huenda ikapakua mafaili, kwa hiyo italamba bando, na mara nyingi hukaa kwenye 62.3% kwa muda kabla ya kuendelea. Ikimaliza, ruhusu sasisho tena jioni unapofunga duka, vifaa vyote vya USB vikiwa nje isipokuwa kibodi na kipanya.