Je, Ali bin al-Hasan ndiye aliyeanzisha Kilwa? Jinsi ya kupima dai la mwanzilishi

Mdogo wangu aliandika katika insha yake kwamba Kilwa ilianzishwa na Ali bin al-Hasan, mwana wa sultani wa Shirazi, mwaka 957. Mwalimu akaandika pembeni: umejuaje? Tukakaa jioni tatu kutafuta jibu, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Lipasue dai

"Kuanzisha Kilwa" ni madai matatu: kwamba hapakuwa na mji kabla yake, kwamba nasaba ya watawala ilianzia kwake, na kwamba alitoka Shirazi. Kila moja lina ushahidi wake. Ukiyachanganya utazunguka mle mle.

Hatua ya 2: Soma habari yenyewe, si muhtasari wake

Habari za Kilwa zimetufikia kwa njia mbili: kwa Kireno, katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, na kwa Kiarabu, katika Kitab as-Sulwa, kilichotungwa karne ya 16. Ziweke kando kwa kando. Toleo la Kiarabu linasema wageni walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu na watoto wake, na msikiti ulikwisha kuwapo. Kisha Ali akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia chote. Kitu kinachonunuliwa kina mwenyewe! Basi dai la kwanza linaangushwa na kitabu kile kile kinachomtukuza Ali.

Nao mwaka 957 hautauona humo. Kitab as-Sulwa kinataja katikati ya karne ya tatu ya Hijria tu. Wasomi wa baadaye ndio waliojumlisha miaka ya utawala wa masultani, wakarudi nyuma mpaka 957. (Ukibadili Hijria kuwa Miladia usijumlishe 622 ukaishia hapo, maana mwaka wa Hijria ni mfupi. Zidisha kwanza kwa 0.97, ndipo ujumlishe. Mwaka 250 unakuwa 864, si 872.)

Hatua ya 3: Sarafu

Hapa ndipo nilipopoteza jioni mbili kati ya zile tatu.

Sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan zimepatikana kwa wingi Kilwa Kisiwani. Nikafurahi: mtu alikuwepo kweli, tumemaliza. Lakini sarafu hizo hazina mwaka wala jina la mji. Zina jina lake na maneno ya kumtaja Mungu yenye vina, basi. Umri wake itabidi uutafute penginepo.

Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, aliusoma umri huo kwenye matabaka ya udongo. Alikuta watu wameishi pale tangu karne ya 9 hivi, lakini sarafu za Ali zilikuwa katika matabaka ya juu zaidi. Akamweka Ali mwishoni mwa karne ya 12. Nami nikameza.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba sarafu huendelea kupita mikononi mwa watu muda mrefu baada ya mtawala kufa. Tabaka linakuambia ilipodondoka, halikuambii ilipogongwa. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na ndani yake jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari za dhahabu zenye tarehe, za mwisho zikiwa za karne ya 11. Ndiyo maana watafiti wengi sasa wanamrudisha Ali nyuma kwa zaidi ya miaka mia.

Hata hapo, usikimbilie. Za Mtambwe ni fedha, za Kilwa ni shaba, na Ali mwana wa Hasan ni jina ambalo wengi wangeweza kuwa nalo. Wengi wanachukulia ni mtu mmoja, nami naona ni sawa, lakini andika "huenda". Tena, hazina kuwa Pemba kunaacha wazi swali la wapi hasa alitawala. Mimi naiamini hazina moja iliyofukiwa pamoja kuliko sarafu mia zilizookotwa ovyo.

Hatua ya 4: Asili ya Shirazi

Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, uliotolewa 2023, ulionyesha wanaume wenye asili ya Uajemi wakichanganyika na wanawake wa Kiafrika kuanzia karibu mwaka 1000. Hiyo ni habari ya jamii. Kaburi la Ali halimo.

Hatua ya 5: Andika hukumu kwa kila dai

Mdogo wangu aliandika hivi: "Ali bin al-Hasan hakuanzisha mji wa Kilwa, kwani watu waliishi pale tangu karne ya 9. Alikuwa mtawala wa kweli aliyegonga sarafu, huenda katika karne ya 11, na masultani wa baadaye walimhesabu kuwa babu yao."

Mwaka 957 aliufuta kwa kalamu nyekundu.