Somo: Kukadiria hasara ya mikopo ya bodaboda kwenye SACCOS

Tuchukue SACCOS ya Tanga mjini inayokopesha pikipiki kwa vijana wa Ngamiani, Chumbageni na Pongwe. Tarakimu ni za mfano. Kanuni yenyewe ni fupi:

```
EL = PD × LGD × EAD
```

EL ni hasara inayotarajiwa, PD ni uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa, LGD ni sehemu ya deni itakayopotea akishindwa, na EAD ni deni litakalokuwa nje siku hiyo. Kuzidisha hakumshindi mtu. Watu huharibu hesabu wanapotafuta hizo namba tatu.

Hatua ya 1: PD. Amueni kwanza "kushindwa" ni nini. Kipimo cha kawaida ni siku 90 bila rejesho. Kisha rudini tarehe 1 Januari mwaka jana, mhesabu mikopo iliyokuwa hai siku ile: tuseme 160. Ifuateni hiyo hiyo mpaka 31 Desemba. Kama 12 ilifika siku 90, PD ni 12 ÷ 160, yaani asilimia 7.5.

Kosa linalorudiwa sana ni kugawa kwa idadi ya mikopo ya mwisho wa mwaka. Kama mlikopesha sana na sasa ipo 240, mtapata asilimia 5. Namba inapendeza, lakini mkopo uliotolewa Novemba hauwezi kuwa umefikisha siku 90 kufikia Desemba. SACCOS inayokua haraka hujiona salama kwa sababu hii tu.

Hatua ya 2: LGD. Hapa msifanye haraka. Mikopo ile 12 ilikuwa na deni la jumla ya shilingi 24,000,000. Akiba za wakopaji zilizokatwa papo hapo ni 2,400,000. Pikipiki 8 zilikamatwa, zikauzwa mwaka mmoja baadaye kwa 1,300,000 kila moja. Toeni 200,000 kwa kila pikipiki, za dalali, kuivuta na kuitunza. Inabaki 1,100,000, jumla 8,800,000. Lakini fedha hiyo imechelewa mwaka mzima. Kama riba ya mkopo ni asilimia 18 kwa mwaka, igaweni kwa 1.18: thamani yake siku mkopo uliposhindikana ni kama 7,460,000.

Pikipiki 4 hazikuonekana tena. Zinabaki ndani ya hesabu zikiwa na sifuri.

Basi kilichorudi ni 9,860,000 na kilichopotea ni 14,140,000. Gawa kwa 24,000,000: LGD ni asilimia 59. Mkitumia zile 8 zilizouzwa peke yake mtapata kama asilimia 43, na ndivyo inavyotokea ofisini, maana faili la pikipiki iliyouzwa lina risiti, la iliyopotea halina kitu.

Hatua ya 3: EAD. Chukueni salio la mikopo iliyo hai leo, 300,000,000, mwongeze riba iliyolimbikizwa ambayo haijalipwa, 6,000,000. Jumla 306,000,000.

Hatua ya 4. 0.075 × 0.59 × 306,000,000 = takriban 13,540,000. Hiyo ndiyo hasara inayotarajiwa kwa miezi 12 ijayo. Mngetumia PD ya asilimia 5 na LGD ya asilimia 43, mngetenga kama 6,580,000, chini ya nusu.

Maswali ya wanachama

*Mweka hazina, Pongwe:* Mwalimu, mikopo iliyokwisha kupita siku 90 naiingiza wapi?

Iweke kando, ndugu yangu. Hiyo PD yake ni asilimia 100, kwa hiyo hasara ni LGD mara deni. Na LGD yake si 59 milele: pikipiki isiyopatikana kwa miezi minane haifanani na iliyokamatwa jana.

*Mjumbe wa kamati ya mikopo, Muheza:* Shikamoo. Wakopaji wetu wana wadhamini wawili wawili. Si tupunguze hasara?

Marahaba. Punguza LGD kwa fedha ambazo wadhamini wamewahi kulipa kweli, si kwa sahihi zao. Wadhamini wakiwa wa kijiwe kimoja na mkopaji, biashara ikilala inalala kwa wote.

*Mhasibu, Korogwe:* Sisi tuna wenye maduka wanaochota kidogo kidogo mpaka kikomo. EAD ni salio la leo?

Hapana. Mwenye duka anayeelekea kukwama huchota kwanza. Kikomo kikiwa 10,000,000 na amechota 6,000,000, angalieni waliokwama zamani walimaliza sehemu gani ya kilichobaki. Ikiwa nusu, EAD ni 8,000,000.

*Mweka hazina, Pongwe:* Na mwaka ukiwa mbaya, hizo 13,540,000 zitatosha?

Hazitatosha. Huo ni wastani. Mwaka mbaya PD na LGD hupanda pamoja, kwa kuwa pikipiki nyingi zinauzwa kwa mpigo na madalali wanashusha bei. Ziada hiyo hubebwa na mtaji wa chama.