Jinsi ya Kuchambua Mkataba wa Ugavi na Kuomba Marekebisho ya Bei Shilingi Inaposhuka Ghafla

Tuchukue mfanyabiashara wa Iringa mjini aliyesaini mkataba wa kupeleka magunia ya karatasi kwenye kiwanda cha chai wilayani Mufindi. Bei imeandikwa kwa shilingi, lakini magunia yenyewe huagizwa nje na kulipiwa kwa dola. Shilingi inaposhuka katikati ya mkataba, wengi huandika barua siku hiyo hiyo wakidai nyongeza ya bei kwa sababu ya dharura isiyozuilika. Barua ya namna hiyo kwa kawaida hukataliwa, kwa kuwa imepitia mlango usio wake.

Kifungu cha dharura isiyozuilika, ambacho kwa Kiingereza huitwa force majeure, humsamehe mtu kutotimiza wajibu, au kuchelewa kuutimiza, pale tukio lililo nje ya uwezo wake linapomzuia. Kuwa ghali si kuzuiwa. Mfereji wa Suez ulipofungwa mwaka 1956, wauzaji wa karanga za Sudan waliotakiwa kuzifikisha Hamburg walidai kwamba mkataba umekufa. Mahakama ya juu ya Uingereza iliwakatalia mwaka 1961, kwa kuwa meli ingeweza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, ingawa kwa safari ndefu na gharama kubwa zaidi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nacho huzungumzia jambo lililogeuka kuwa haliwezekani au kuwa kinyume cha sheria, wala hakizungumzii faida iliyopungua. Kwa hiyo shilingi ikishuka, tafuta kifungu cha marekebisho ya bei. Na barabara ya Kitonga ikifungwa na mzigo ukakwama, ndipo utafute kifungu cha dharura.

Hatua ya kwanza ni kukusanya mkataba mzima. Mkataba wenyewe mara nyingi ni kurasa chache tu, huku masharti ya jumla, masharti maalumu, oda ya ununuzi na nyongeza zilizosainiwa baadaye vikiwa kwenye mafaili mengine. Tafuta sentensi inayosema hati ipi hushinda nyingine zikipingana, kwa sababu masharti maalumu huweza kufuta kwa mstari mmoja fomula nzuri iliyo kwenye masharti ya jumla.

Hatua ya pili ni kutafuta vifungu. Mikataba mingi ya ugavi hapa nchini imeandikwa kwa Kiingereza, hivyo maneno ya kutafuta ni ya Kiingereza. Ukiwa na faili la PDF kwenye kompyuta yenye programu hizi, andika:

```
pdftotext -layout mkataba.pdf mkataba.txt
grep -n -i -E "majeure|beyond|adjust|escalat|fluctuat|exchange|fixed|notice" mkataba.txt
```

Tumia neno moja moja, kwani maneno mawili yakigawanyika mwishoni mwa mstari utafutaji hautayaona. Neno `fixed` limo kwa makusudi: ndilo linalokuonyesha mahali palipoandikwa kwamba bei haitabadilika hadi mwisho wa mkataba, na ni afadhali ulione wewe kabla mnunuzi hajakuonyesha. Faili la maandishi likitoka tupu, ujue mkataba ulipigwa picha kwa skana, nawe utalazimika kuusoma kwa macho ukurasa kwa ukurasa. Hata faili likiwa zima, soma kifungu chote kilichopatikana pamoja na kinachokifuata, maana sharti linalokubana mara nyingi limekaa aya moja chini.

Hatua ya tatu ndiyo inayostahili muda wako mwingi, nayo ni kunakili kwenye jedwali, neno kwa neno na kwa namba ya kifungu, mambo manne: kinachoamsha kifungu, fomula, taarifa inayotakiwa na siku zake, na ushahidi. Usifupishe kwa maneno yako mwenyewe. Tuone kwa nini. Tuseme bei ya gunia ni shilingi 4,000, kiwango cha msingi cha dola ni shilingi 2,400, na sasa dola ni shilingi 2,700. Mkataba unasema asilimia 60 ya bei inafuata dola, na fomula ni hii:

```
B = B0 × (0.4 + 0.6 × K ÷ K0)
```

Hapa B0 ni bei ya mkataba, K0 ni kiwango cha msingi na K ni kiwango cha sasa. Dola imepanda kwa asilimia 12.5, hivyo bei mpya ni shilingi 4,300. Lakini kifungu hicho kina kizingiti cha asilimia 5. Kama kinasema kwamba badiliko likivuka asilimia 5 bei itarekebishwa, unadai badiliko lote. Kama kinasema kwamba kitakachorekebishwa ni kile kinachozidi asilimia 5, badiliko la dola linalohesabiwa ni asilimia 7.5 tu, ambalo asilimia 60 yake ni 4.5, na bei inakuwa shilingi 4,180. Kwa magunia 10,000 yaliyobaki, njia ya kwanza inaleta nyongeza ya shilingi 3,000,000 na ya pili shilingi 1,800,000. Tofauti yote hiyo imetokana na maneno mawili matatu ambayo muhtasari wa haraka ungeyameza.

Angalia pia kiwango kinachotumika ni cha nani na cha siku gani. Benki Kuu hutangaza bei ya kununua, ya kuuza na ya wastani. Mkataba usipotaja, pendekeza wastani na uambatishe ukurasa wa siku husika. Mzigo uliokwisha kulipiwa na kuingia ghalani kabla ya shilingi kushuka usiuombee nyongeza. Mnunuzi makini ataomba hati ya forodha ya TANSAD na uthibitisho wa benki wa malipo, ataona tarehe, na ataanza kutilia shaka hata dai lako halali.

Hatua ya nne ni taarifa. Hesabu siku kuanzia ulipojua tukio, na uangalie kama ni siku za kalenda au za kazi. Nimemwona msambazaji mmoja wa Mafinga ambaye lori lake lilikwama siku tatu Kitonga. Alimjulisha mnunuzi kwa ujumbe wa simu saa ile ile, lakini kifungu cha taarifa kilitaka barua kwenye anwani iliyotajwa ndani ya siku 14, naye akaipeleka siku ya 20. Akakatwa fidia ya ucheleweshaji kwa sababu halisi kabisa ambayo hakuiwasilisha inavyotakiwa. Na hata angewahi, kifungu chake kilimpa siku za ziada tu, bila fedha. Hivyo dai la muda na dai la bei yaandikwe kwa barua mbili, kila moja na kifungu chake.

Barua ya bei ianze kwa namba ya mkataba na ya kifungu, inukuu maneno yenyewe, ionyeshe hesabu mstari kwa mstari, kisha itaje idadi ya mzigo ambao bado haujapelekwa. Ikiwa mkataba hauna kifungu chochote cha bei, usijifanye kwamba kipo. Omba mazungumzo, ukieleza gharama zako na kiasi unachoweza kubeba mwenyewe, kwa sababu hapo unategemea ridhaa ya mnunuzi.

Endelea kupeleka mzigo kwa bei ya zamani wakati ombi linajadiliwa, isipokuwa mkataba unakuruhusu kusitisha, na kwenye kila hati ya makabidhiano andika kwamba dai la marekebisho bado lipo. Usitoe ankara ya bei mpya kabla nyongeza ya mkataba haijasainiwa na pande zote mbili. Kwa mnunuzi wa umma, mabadiliko hayo hupitia pia bodi yake ya zabuni. Peleka barua kwa mkono masijala, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe inayosomeka.